Filimbi Inayozungushwa, Simu Inayopima

Chomeka filimbi kwenye mpira mwembamba, ipulize huku ukiizungusha juu ya kichwa. Anayesimama mbali husikia sauti ikipanda filimbi inapomjia na kushuka inapomkimbia. Kwenye simu yake, programu ya kuchora masafa ya sauti huonyesha mstari wa mawimbi.

Tuseme filimbi hutoa hezi 3,000, iko sentimita 80 kutoka katikati na huzunguka mara 2 kwa sekunde. Mwendo wake ni kama mita 10 kwa sekunde. Sauti ikisafiri mita 348 kwa sekunde, kama kwenye joto la nyuzi 28, simu ingesoma kati ya hezi 2,916 na 3,089.

Mara nyingi tofauti husomeka ndogo zaidi. Programu inayokusanya sauti kwa sekunde 0.34 kabla ya kuchora huchanganya theluthi mbili za mzunguko, na mawimbi hufifia. Punguza hadi 0.085; usahihi utakuwa takribani hezi 12, lakini mawimbi yatarudi.

Kosa gumu zaidi ni pumzi, kwani kupuliza kwa nguvu hupandisha sauti yenyewe. Simu ya pili, iliyo karibu na mkono wa mzungushaji, hulifichua: umbali wake na filimbi haubadiliki, hivyo mstari wake ukipanda au kushuka, ni pumzi.