Simu Nne Mezani, Moja Kimya

Jumapili ya tarehe 23 Aprili 2023, saa 9 alasiri, simu zililia karibu kila kona ya Uingereza. Zilitetemeka na kutoa king'ora kwa takriban sekunde 10, hata zile ambazo wenyewe walikuwa wamezizima sauti. Serikali ilikuwa ikijaribu tahadhari ya dharura kwa nchi nzima kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, wako watu waliokaa meza moja, simu za wenzao zikapiga kelele, zao zikanyamaza. Baadaye serikali ilisema kwamba takriban asilimia 80 ya simu zenye uwezo wa kupokea ndizo zilizopokea. Kampuni ya simu ya Three ilikiri siku hiyo hiyo kuwa baadhi ya wateja wake hawakupata kitu.

Wengi hudhani tahadhari hiyo ni arafa. Sivyo. Arafa ni kama barua: mtandao hutafuta kwanza simu yako iko chini ya mnara gani, kisha hukufikishia wewe peke yako, ndipo umgeukie mwingine. Watu milioni moja ni barua milioni moja, na siku ya mafuriko, kila mtu anapompigia ndugu yake, barua hizo hukwama foleni. Tahadhari ya dharura ni mbiu ya mgambo. Anayepiga mbiu hahitaji jina la mtu wala orodha ya nyumba; aliye karibu atasikia.

Mbiu yenyewe hupigwa hivi. Mnara wa simu hauachi kutangaza habari zake, mchana na usiku: ni wa kampuni gani, unatumia masafa gani. Simu iliyo mfukoni husikiliza matangazo hayo kimyakimya, na ndiyo maana huonyesha jina la mtandao hata kama hujapiga wala kupigiwa. Ofisi yenye mamlaka ikichora eneo la hatari kwenye ramani, kompyuta za kampuni za simu huchagua minara inayohudumia eneo hilo. Minara hiyo hurusha ishara fupi ya kuamsha. Simu iliyotulia huzinduka kila baada ya muda mfupi, mara nyingi sekunde moja na ushei, kuangalia kama inaitwa. Ikiikuta ishara, husoma tahadhari katika matangazo ya mnara. Hakuna namba inayotumika, hakuna bando linaloliwa, na mnara haujui ni nani amesoma.

Ujumbe hurudiwa tena na tena, ili anayewasha simu kwa kuchelewa au anayeingia eneo hilo kwa gari naye aupate. Husikii king'ora kila unaporudiwa kwa sababu ujumbe una namba yake, na simu ikiona namba iliyokwisha kuionyesha huupuuza. Mawimbi nayo hayajui mpaka wa wilaya, kwa hiyo hata aliye nje kidogo ya eneo huweza kugutushwa.

Basi kwa nini simu nyingine hunyamaza? Iliyozimwa au iliyo katika hali ya ndege haihitaji maelezo. Sababu ya kwanza ya kweli ni mnara wenyewe. Uingereza iliweka tahadhari katika mitandao ya 4G na 5G tu, hivyo simu iliyoshika 2G au 3G haikuwa na cha kusikia. Na si lazima iwe simu ya zamani: hata simu mpya ndani ya jengo lenye kuta nene huweza kushuka hadi 3G bila mwenyewe kujua. Intaneti ya Wi-Fi haisaidii pia, maana mbiu haipiti huko.

Sababu ya pili imo ndani ya simu. Kila tahadhari hubeba namba ya chaneli. 4370, kwa mfano, ni ya daraja la juu kabisa. Simu huonyesha tu chaneli ambazo programu yake imeagizwa kuzifuata. Isiposasishwa, au ikiwa iliandaliwa kwa soko la nchi nyingine, huweza kupitwa na tangazo huku ikiwa chini ya mnara uleule. Serikali ya Uingereza ilitaja iPhone zenye iOS 14.5 na Android 11, au matoleo ya baadaye.

Kujua kasoro iko wapi si kazi ngumu. Jirani mwenye mtandao kama wako akisikia na wewe usisikie, anza na simu yako. Mkikosa nyote wa mtandao mmoja, tatizo liko kwa kampuni.

Wako pia waliotaka simu zao zinyamaze. Kabla ya jaribio hilo, shirika la Refuge, linalosaidia wanawake wanaopigwa na kuteswa na wenzi wao, lilionya kwamba king'ora kingefichua simu ya siri iliyofichwa kabatini. Ushauri ulikuwa kuingia kwenye mipangilio ya simu hiyo na kuzima Severe Alerts na Extreme Alerts, au kuizima simu yenyewe kabla ya saa 9.