Kwa nini AB si sawa na BA katika matriksi

Kata kipande cha karatasi ngumu chenye upana wa sentimita 4 na kimo cha sentimita 2. Kishike kikiwa kimelala, kisha toboa tundu kwenye kona ya juu upande wa kulia. Tundu ni bora kuliko alama ya kalamu kwa sababu linaonekana pande zote mbili.

Sasa fanya mambo mawili kwa kufuatana. Kwanza pindua karatasi juu chini, yaani ukingo wa chini upande juu na mgongo wa karatasi ukuelekee. Pili, izungushe robo mzunguko kinyume cha saa, kama unavyoiona wewe. Tundu liko wapi? Liko juu kulia. Rudisha karatasi kama ilivyokuwa mwanzo na ubadilishe mpangilio: zungusha kwanza robo mzunguko, ndipo upindue juu chini. Safari hii tundu limeishia chini kushoto. Vitendo ni vilevile viwili, karatasi ni ileile, matokeo yanapishana.

Matriksi ni njia ya kuandika vitendo vya namna hiyo kwa namba, na kuzidisha matriksi ni njia ya kuandika kwamba kitendo kimoja kimefuatwa na kingine. Nimeona wanafunzi wengi wa sekondari wakikariri kanuni ya kuzidisha bila kuambiwa inatoka wapi. Ndiyo maana wanaposikia kwamba AB na BA hazilingani wanaona ni ubishi tu wa kanuni hiyo. Kanuni haina ubishi. Inatunza kumbukumbu ya kile ambacho karatasi yako imekwisha kuonyesha.

Tuweke katikati ya karatasi kwenye makutano ya mihimili miwili, mhimili wa x na mhimili wa y. Tundu, tukilihesabu liko kwenye kona yenyewe, lipo kwenye nukta (2, 1). Tukiita kuzungusha Z na kupindua P, matriksi zake ni hizi:

```
Z = | 0  -1 |      P = | 1   0 |
    | 1   0 |          | 0  -1 |
```

Namba hizi hazikutungwa tu. Safu wima ya kwanza inaeleza nukta (1, 0) inaangukia wapi baada ya kitendo, na safu wima ya pili inaeleza nukta (0, 1) inaangukia wapi. Robo mzunguko kinyume cha saa huichukua (1, 0) ikaisimamisha kwenye (0, 1), na hiyo ndiyo safu wima ya kwanza ya Z. Vilevile huilaza (0, 1) kwenye (-1, 0), na hiyo ni safu wima ya pili. Kupindua juu chini huiacha (1, 0) palepale na kuishusha (0, 1) hadi (0, -1). Ukijua nukta hizo mbili zimekwenda wapi, umejua nukta zote zimekwenda wapi, kwa kuwa (2, 1) si kitu kingine ila mara mbili ya (1, 0) ukijumlisha (0, 1).

Hapo kanuni ya kuzidisha inajitokeza yenyewe. Tunataka matriksi moja itakayofanya kazi ya P kisha Z. Tunaiandika ZP, na hapa kuna jambo linalowapoteza wengi: kitendo cha kwanza huandikwa kulia. Sababu ni kwamba nukta huandikwa kulia kabisa, na kitendo kilicho jirani nayo ndicho kinachoigusa kwanza. Basi tuifuate (1, 0). P inaiacha kwenye (1, 0), kisha Z inaipeleka (0, 1). Tuifuate (0, 1). P inaishusha hadi (0, -1), kisha Z inaipeleka (1, 0). Tukizipanga nukta hizo mbili za mwisho kuwa safu wima, tunapata ZP. Tukirudia safari hiyohiyo kwa kuanza na Z, tunapata PZ:

```
ZP = | 0  1 |      PZ = |  0  -1 |
     | 1  0 |           | -1   0 |
```

Mwenye kuikumbuka kanuni ya darasani, ile ya safu mlalo ya kushoto kuzidishwa na safu wima ya kulia kisha kujumlisha, aijaribu hapa. Atapata majibu haya haya, kwa sababu kanuni hiyo ni ufupisho wa safari tuliyoifanya.

Matriksi hizi mbili zina sura yake kila moja. ZP hubadilishana nafasi za x na y, hivyo (2, 1) inakuwa (1, 2). Huo ni uakisi katika mstari unaopanda kwenda kulia kwa nyuzi 45. PZ hubadilishana nafasi hizo na kuongeza alama hasi pande zote mbili, hivyo (2, 1) inakuwa (-1, -2). Huo ni uakisi katika mstari unaoshuka kwenda kulia kwa nyuzi 45. Mistari hiyo miwili imekatana kwa pembe mraba. Angalia tena tundu la karatasi yako: juu kulia katika mpangilio wa kwanza, chini kushoto katika wa pili.

Mwanafunzi anaweza kuuliza kwa nini tusizidishe namba zilizo mahali pamoja, juu kushoto na juu kushoto, chini kulia na chini kulia. Zao la namna hiyo lingekuwa halijali mpangilio, na hesabu ingekuwa nyepesi. Jaribu kwa Z na P. Popote Z ilipo na namba, P ina sifuri, na popote P ilipo na namba, Z ina sifuri. Jibu ni matriksi ya sifuri nne, ambayo huchukua kila nukta ya karatasi na kuisaga hadi katikati. Hakuna kuzungusha wala kupindua karatasi kunakoweza kuifuta karatasi nzima. Njia hiyo nyepesi ina matumizi yake kwingine, lakini haielezi vitendo vinavyofuatana.

Usidhani pia kwamba tatizo linaletwa na mizunguko na alama hasi. Chukua mraba wa upande mmoja, na vitendo viwili vya upole kabisa. V huuvuta mraba kwa upana hadi uwe mara mbili, bila kugusa kimo. L huulaza: msingi unabaki pale pale, na ukingo wa juu unasukumwa kulia kwa kipimo kimoja.

```
V = | 2  0 |      L = | 1  1 |
    | 0  1 |          | 0  1 |

LV = | 2  1 |     VL = | 2  2 |
     | 0  1 |          | 0  1 |
```

Ukivuta kwanza, unapata mstatili mrefu, kisha ukingo wake wa juu unasogea kwa kipimo kimoja. Ukilaza kwanza, mlalo wenyewe unaingia katika kuvutwa, nao unakuwa mara mbili, hivyo ukingo wa juu unasogea kwa vipimo viwili. Tofauti nzima ni hiyo 1 iliyogeuka 2. Kitendo cha pili hakikutani na umbo la awali. Kinakutana na umbo lililokwisha kubadilishwa, na kinayabadilisha hata yale yaliyofanywa na kitendo cha kwanza.

Je, ni matriksi zipi zinazokubaliana na V bila kujali mpangilio? Hili tunaweza kulimaliza kwa mistari miwili. Tuchukue matriksi yoyote yenye a na b juu, c na d chini. Tukiweka V kushoto, safu mlalo ya juu inazidishwa kwa 2, tunapata 2a, 2b, kisha c, d. Tukiweka V kulia, safu wima ya kwanza ndiyo inayozidishwa kwa 2, tunapata 2a, b, kisha 2c, d. Ili majibu yalingane lazima 2b iwe sawa na b, na c iwe sawa na 2c, yaani b na c zote ziwe sifuri. Zinabaki matriksi zinazovuta au kufinya kwenye mihimili ileile miwili tu. Mizunguko miwili kuzunguka kitovu kimoja nayo hukubaliana, kwa kuwa nyuzi 30 kisha 50 ni nyuzi 80, utakavyozipanga. Kukubaliana kupo, ila huhitaji vitendo vyenye undugu wa namna fulani.

Namba za kawaida zina undugu huo siku zote. Kuzidisha kwa 3 ni kuvuta mstari mmoja mara tatu, kuzidisha kwa 5 ni kuuvuta mara tano, na mstari mmoja hauna pembeni pa kugeukia. Tunazoea 3 × 5 na 5 × 3 tangu shule ya msingi hadi tunaona ndiyo sheria ya kuzidisha kokote.

Mazoea hayo huwagharimu watahiniwa wanapofika kwenye milinganyo. Chukua ZX = P, tunatafuta X. Kinyume cha Z ni robo mzunguko wa kufuata saa, na lazima kiwekwe kushoto pande zote mbili, kwa sababu Z iko kushoto mwa X. X inakuwa kinyume cha Z mara P, na jibu lake ni matriksi ileile tuliyoiona kama PZ. Anayekiweka kinyume hicho kulia mwa P anapata ZP. Dawa ni kurudisha jibu kwenye mlinganyo: Z mara jibu sahihi inarudisha P, ilhali Z mara jibu la makosa inaleta P yenye alama zilizogeuzwa. Ukaguzi huo hauchukui dakika moja.

Mwingereza Arthur Cayley aliyaeleza haya katika andiko lake kuhusu matriksi la mwaka 1858. Mwaka 1925 Mjerumani Werner Heisenberg, akitafuta hesabu za mwendo ndani ya atomu, alijikuta na majedwali ya namba ambayo mazao yake yalitegemea mpangilio, na jambo hilo lilimsumbua. Max Born wa Chuo Kikuu cha Göttingen ndiye aliyetambua kwamba hizo ni matriksi, na tofauti ya mahali na mwendo ikaandikwa pq − qp = h/2πi, ambapo h ni namba ya Planck na upande wa kulia husomwa kama mara matriksi isiyobadilisha kitu.

Mlinganyo huo una sharti moja unaloweza kulithibitisha kwa mifano yetu. Toa PZ kutoka ZP, au VL kutoka LV, kisha jumlisha namba mbili za ulalo unaotoka juu kushoto hadi chini kulia. Utapata sifuri, na itakuwa sifuri kwa matriksi zozote mbili za ukubwa huo, au za ukubwa wowote wenye kikomo. Upande wa kulia wa mlinganyo wa Born una h/2πi kwenye kila nafasi ya ulalo, wala jumla yake haiwezi kuwa sifuri. Kwa hiyo matriksi za mahali na mwendo ndani ya atomu lazima ziwe na safu zisizo na mwisho.