"Isipokuwa" hii ni ya kanuni gani?

Neno "isipokuwa" likiwekwa mahali pasipofaa, mama muuza chai anaweza kushtakiwa kwa kuamini alichosoma. Tuchukue mfano wa kubuni wa rasimu ya kanuni za soko:

"3. Kila mwenye kibanda atalipa ushuru wa siku.
4. Hairuhusiwi kupika ndani ya soko.
5. Isipokuwa mwenye cheti cha afya."

Je, mwenye cheti amesamehewa ushuru, ameruhusiwa kupika, au yote mawili? Aliyeandika alikusudia kupika tu. Lakini mama huyo akiona kwamba hata ushuru haumhusu, atakataa kulipa, na askari wa kaunti atamwandikia kosa. Hapo wote wawili watakuwa wameshika karatasi ile ile.

Dawa ni kuiweka ruhusa ndani ya kanuni yake: "4. Hairuhusiwi kupika ndani ya soko, isipokuwa kwa mtu aliye na cheti cha afya." Kanuni ya 5 inafutwa, na ushuru unabaki kwa kila mtu.

Katiba yetu hufanya hivyo. Kifungu cha 196(3) kinakataza bunge la kaunti kuwafungia nje wananchi au wanahabari, na papo hapo, katika sentensi hiyo hiyo, kinataja hali ya kipekee ambapo spika ameamua kuna sababu za haki za kufanya hivyo. Huhitaji kufungua ukurasa mwingine.

Wakati mwingine masharti ni marefu mno kukaa pamoja na kanuni. Hapo huandikwa "kwa kuzingatia" kifungu fulani, maana yake kanuni hii inakipisha kile kingine vinapogongana. Kifungu cha 40 kinampa kila mtu haki ya kumiliki mali, lakini kinaanza kwa kuelekeza kwenye Kifungu cha 65. Ukienda huko unakuta kwamba asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa kukodisha tu, kwa muda usiozidi miaka 99.

Shida ya kuelekeza kwa nambari ni kwamba nambari huhama. Turudi sokoni. Tuseme kanuni ya 3 ilianza, "Kwa kuzingatia kanuni ya 9", na ya 9 ilisamehe ushuru siku ambazo soko linafungwa ili lisafishwe. Tulipofuta kanuni ya 5, ile ya 9 ikawa ya 8. Sasa kanuni ya 3 inaelekeza kwenye mambo ya vyoo, na msamaha haujulikani ni wa nini. (Kosa hili hutokea zaidi katika marekebisho ya dakika za mwisho.)

Kwa hiyo rasimu ikiletwa kwenye kikao cha maoni ya umma, fuata kila nambari mpaka inakoelekeza. Ukikuta imepotea, huhitaji wakili ili kuandika maoni. Andika hivi: "Katika kanuni ya 3, badala ya 'kanuni ya 9' isomeke 'kanuni ya 8'."