Bajeti ya proje: namna ya kueleza kila mstari ili msomaji ajue dola imetoka wapi

Mashirika mengi madogo ya Kivu, Ituri na Maniema yanajua kutunga proje. Shida inakuja kwenye faili ya feza. Jedwali la bajeti linajazwa, tarakimu zinakubaliana, lakini pale fomu inapoomba maelezo ya kila gharama, mtu anaandika: «Vifaa vya lazima kwa ajili ya kufanikisha proje.» Maneno hayo hayasemi kitu. Yanaweza kuwekwa kwenye proje ya mbuzi, ya shule ao ya maji, na hakuna atakayeona tofauti.

Yule anayesoma faili kwa upande wa mfadhili hajafika kijijini. Hajui barabara, hajui bei ya soko, hajui kama fundi analala pale pale ao anarudi kwake kila jioni. Maelezo ndiyo macho yake. Yakiwa matupu, anaweza kufanya mambo mawili: kukata mstari, ao kutupa faili yote na kuchukua ya shirika lingine.

Maswali matatu, si zaidi

Kila mstari wa bajeti unaulizwa maswali matatu. Ni kitu gani na ni ngapi? Juu ya nini kazi haiwezi kwenda bila hicho kitu? Bei imetoka wapi? Maelezo yanayojibu hayo matatu yanatosha, hata kama ni sentensi tatu fupi. Yasiyojibu hata moja hayatoshi, hata yakijaza ukurasa.

Tuchukue mfano wa kujifunzia tu. Shirika la wakaaji katika teritwari ya Walungu, Kivu ya Kusini, linataka kutengeneza chemchemi 4 kwa muda wa miezi 3. Katika faili ya kwanza, mstari wa simenti umeandikwa hivi: «Vifaa vya ujenzi vya hali ya juu, muhimu sana kwa kuboresha maisha ya wakaaji: dola 840.» Hesabu inaweza kuwa sawa kabisa, lakini hakuna mtu wa nje anayeweza kuihakikisha.

Mstari ule ule unaweza kuandikwa hivi: «Simenti: mifuko 56 ya kilo 50, ni kusema mifuko 14 kwa kila chemchemi (8 kwa ukuta, 4 kwa sakafu na ngazi, 2 kwa mtaro wa kutoa maji), kufwatana na hesabu ya fundi iliyo kwenye nyongeza. Mifuko 56 × dola 15 = dola 840. Bei ni ya chini kati ya proforma tatu zilizochukuliwa Bukavu. Mawe na mchanga vinaletwa na wakaaji, haviombewi feza.»

Hakuna neno la sifa hapo, wala ahadi. Lakini msomaji anaweza kuchukua kalkileta na kufika kwenye 840 peke yake. Tena sentensi ya mwisho inajibu swali ambalo angeuliza mara moja: kama kuna simenti, mchanga uko wapi? Kusema wazi kitu ambacho hakiombwi kunaondoa shaka kwamba kimefichwa kwenye mstari mwingine.

Safari ya mzigo

Usafiri ni mstari unaokatwa mara nyingi, juu ya watu wanauandika kwa jumla moja: «Usafiri, forfe, dola 300.» Forfe ni bei ya jumla isiyogawanywa, na wafadhili wengi hawaikubali bila kufunguliwa.

Kuifungua si kazi ngumu. Mifuko 56 ya kilo 50 ni kilo 2.800, karibu tani 3. Kwa hiyo Fuso moja ya tani 5 inatosha, safari moja, na nafasi inabaki ya mabomba. Katika mfano wetu Fuso kutoka Bukavu inalipwa dola 180. Chemchemi 2 kati ya 4 ziko mbali na barabara, kwa hiyo mifuko 28 itabebwa kichwani, dola 1 kwa mfuko, ni dola 28. Jumla ni dola 208. Ile 300 ya kwanza ilikuwa ya kukisia, na mtu akiulizwa tofauti ya dola 92 imetoka wapi, hangekuwa na jibu.

Kalenda nayo inaingia katika bei. Kivu ya Kusini, mvua zinaanza karibu na mwezi wa 9 na kuendelea mpaka mwezi wa 5. Kama mpango wa kazi unaonyesha kwamba mzigo utapanda mwezi wa 7, bei ya kiangazi ndiyo inawekwa. Kama utapanda mwezi wa 3, gari inaweza kulala njiani, na bei inapanda. Hapo maelezo yanasema: «Bei ni ya majira ya mvua, juu ya kazi imepangwa mwezi wa 3.» Bila sentensi hiyo, msomaji anaona tu bei kubwa kuliko ya proje nyingine ya jirani.

Mtu anayelipwa nusu hapa na nusu pale

Mishahara ndiyo inaleta maswali makali. Msimamizi wa shirika letu la mfano analipwa dola 400 kwa mwezi, lakini anafanya kazi pia katika proje nyingine ya lishe. Kuandika «Msimamizi, dola 400 × miezi 3» ni kuomba mshahara mzima kwa mtu asiye na muda mzima. Maelezo ya kweli ni haya: «Msimamizi wa kazi, 25% ya muda wake (siku 5 kati ya 20 za kazi kwa mwezi): anatembelea kila chemchemi na anafundisha komite za maji. Dola 400 × 25% × miezi 3 = dola 300. Asilimia 75 inayobaki inalipwa na proje ya lishe.»

Mifuko ya pamoja inayosimamiwa na OCHA, pamoja na ule wa Kongo, ina jedwali lenye kolona ya idadi, bei ya kimoja, muda, na asilimia inayowekwa juu ya mfuko. Kolona hiyo ya asilimia haitoshi peke yake. Maelezo ndiyo yanaonyesha asilimia ilihesabiwa namna gani: kwa siku za kazi, kwa idadi ya wafanyakazi, ao kwa vyumba vya ofisi. Mtu yule yule akionekana 60% kwa mfadhili mmoja na 60% kwa mwingine, jumla ni 120%, na siku ya ukaguzi hesabu hiyo inaonekana haraka.

Kuna pia gharama za uendeshaji ambazo hazihusu kazi moja tu. Mifuko hiyo ya OCHA inaruhusu mpaka 7% ya gharama za moja kwa moja kwa ajili yake, na Umoja wa Ulaya pia unaweka 7% kama mwisho katika misaada yake ya nje. Kitu kilichokwisha kuwekwa ndani ya asilimia hiyo hakirudi tena kama mstari. Kodi ya ofisi ikionekana mara mbili, ni kuomba mara mbili.

Mafunzo: pale ambapo bajeti inanenepa

«Mafunzo ya komite za maji: dola 500.» Mstari kama huo unajaribu mtu kupandisha, juu ya hakuna anayeona kilicho ndani. Ukifunguliwa unakuwa hivi: komite 4 za watu 7 ni watu 28. Siku 2. Chakula ni dola 3 kwa mtu kwa siku, ni dola 168. Watu 14 wanatoka mbali na wanapanda pikipiki, dola 2 kwenda na kurudi kwa siku, ni dola 56. Daftari na kalamu dola 1,5 kwa mtu, ni dola 42. Jumla ni dola 266. Hakuna malazi, juu ya kila mmoja analala kwake. Hakuna mshahara wa mwalimu, juu ya msimamizi ndiye anafundisha na amekwisha kuhesabiwa.

Wengine wanaacha 500 kusudi mfadhili akikata, kitu kibaki. Hesabu hiyo ina hatari mbili. Msomaji aliyegundua mstari mmoja ulionenepa anaanza kushuku yote, hata ile iliyo sawa. Na kama 500 inapita bila kukatwa, siku ya ukaguzi faktire zinaonyesha 266. Zile 234 zitarudishwa, ao zitaelezwa kwa karatasi za uongo. Kurudisha feza iliyokwisha kutumika mahali pengine kunaweza kuvunja shirika dogo.

Kama wasiwasi ni bei kupanda, kuna njia ya wazi. Umoja wa Ulaya unaruhusu akiba ya yasiyotazamiwa mpaka 5% ya gharama za moja kwa moja, na haiguswi bila ruhusa ya maandishi. Wafadhili wengine hawaikubali kabisa, kwa hiyo sheria za fomu zinasomwa kwanza. Mahali akiba imekatazwa, shirika linaandika tarehe ya bei, soko, na kiwango cha kubadilisha dola kwa franga. Bei ikigeuka, liko na msingi wa kuomba mabadiliko.

Gharama za kutoa feza zinafaa kuelezwa vivyo hivyo. Goma na Bukavu, ambapo mabenki mengi yalifunga milango mwanzo wa 2025, malipo mengi yanapitia simu. Kuandika «ada za benki» pale ambapo hakuna benki kunaonyesha kwamba mstari ulinakiliwa kutoka faili ya zamani. Afadhali kuandika kiasi kitakachopita kwa simu, asilimia ya tarifa ya kampuni, na jumla yake.

Kupima kabla ya kutuma

Kipimo cha kwanza ni kumpa mtu ambaye hakuandika proje maelezo peke yake, bila jedwali, pamoja na kalkileta. Kila jumla anayofika inalinganishwa na jedwali. Pale anaposimama na kuuliza, pana shimo.

Cha pili ni kuweka kando ya maelezo mpango wa kazi. Kila mstari unapaswa kuwa na kazi yake ndani ya mpango, na kila kazi iwe na gharama, ao sentensi inayosema nani anaibeba. Mafunzo ya siku 2 kwenye bajeti na siku 3 kwenye mpango ni kosa dogo la kuandika, lakini linaonyesha kwamba karatasi mbili ziliandikwa na watu wasiozungumza.

Cha tatu ni kutafuta maneno «mbalimbali», «na mengine», «diveri», «muhimu sana», na kuyafuta. Mara nyingi sentensi inabaki nzima bila hayo. Na ikiwa baada ya kuyafuta hakuna kinachobaki, mstari ule ulikuwa haujahesabiwa. Unarudishwa kwa fundi ao kwa mwenye duka kabla faili haijatoka.