Android ya zamani: gharama anaibeba nani?

Tuseme kampuni ndogo ya Kakamega imeiundia sacco ya wakulima wa miwa apu ya kuweka akiba na kuomba mikopo. Sacco ililipa mara moja, apu ikakabidhiwa, na simu za wanachama zikaendelea kuzeeka. Sasa mwundaji anajiuliza kama aendelee kuhudumia simu zenye Android 6 na za chini yake, au aachane nazo.

Kwa mfano wetu, wanachama 2,400 hutumia apu kila mwezi, na 90 kati yao wana simu hizo kuukuu. Kila mwezi toleo jipya linapotolewa, fundi hutumia saa sita kujaribu na kurekebisha mambo kwa ajili ya hao 90 pekee. Saa ikiwa Sh1,500, hiyo ni Sh9,000. Kila mmoja wao akifanya miamala minne kwa mwezi, na kila muamala ukiingizia sacco Sh10, wote pamoja huleta Sh3,600. Wengi huishia hapo na kuamua kuwaacha.

Lakini si wote 90 watakaoondoka. Sacco ikiwa na huduma ya kubofya nambari kama *334# ya M-Pesa, ambayo haijali umri wa simu, huenda 60 wakahamia huko. Ada itakayopotea ni ya 30 waliobaki, yaani Sh1,200. Kwa upande mwingine, mmoja wa hao 30 anaweza kuwa mkulima mwenye akiba kubwa, na akiitoa, ada ya miamala si kitu. Kwa hiyo kabla ya kuamua, linganisha orodha ya simu na daftari la akiba. Asilimia pekee haisemi nani ana nini.

Saa hizo sita huenda wapi? Mfano mzuri ni vyeti vya usalama. Tovuti na seva nyingi hutumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt. Simu zilizo chini ya Android 7.1.1 hazikuja na cheti mama kipya cha shirika hilo. Kwa muda zilisaidiwa na saini ya cheti cha zamani, lakini muda wa saini hiyo uliisha Septemba 2024. Tangu hapo, simu kama hiyo ikijaribu kuongea na seva yenye cheti cha Let's Encrypt, hukataa. Mwanachama huona ujumbe wa kuangalia mtandao ilhali mtandao uko sawa, naye hulaumu kampuni ya simu. Apu haikwami, kwa hiyo ripoti za hitilafu hubaki safi. Dalili ni moja: idadi ya simu za zamani zinazofika kwenye seva hushuka ghafla, ingawa apu bado imo ndani ya simu hizo.

Kuanzia Android 7.0, mwundaji anaweza kuongeza cheti mama hicho kipya ndani ya apu kwa mistari michache ya mipangilio. Chini ya hapo lazima aandike msimbo wake mwenyewe na kuujaribu kwenye simu halisi. Ndiyo maana mstari huu mmoja huondoa kazi nyingi:

```
minSdk = 24
```

Wakati mwingine uamuzi humfikia mwundaji kutoka nje. Mwaka 2023 Google ilisitisha huduma zake za Play kwa Android 4.4. Mwaka 2025 maktaba za AndroidX zilipandisha kiwango chake cha chini hadi Android 6. Anayetaka kubaki chini ya hapo hulazimika kushikilia maktaba za zamani, bila marekebisho yake mapya.

Hata hivyo, kubadilisha mstari huo wa minSdk hakumzimii mtu simu. Aliye na apu tayari hubaki na toleo lake, ila hapati jipya. Mwundaji pia anaweza kuliacha toleo la zamani kwenye Play Store kwa ajili ya simu za zamani. Kinachomkata mwanachama ni siku seva inapoacha kuelewa maombi ya toleo hilo. Hizo ni tarehe mbili tofauti, na kuzichanganya ndiko huzua malalamiko. Ya kwanza inaweza kuja mapema, kwa kuwa ndiyo inayookoa saa za fundi. Ya pili isubiri hadi wanachama waelekezwe kwenye nambari ya kubofya, na wenye akiba kubwa wapigiwe simu mmoja mmoja.

Mahali pa kuandika tarehe hizo ni kwenye mkataba, kabla ya kazi kuanza. Pasipo kifungu cha matengenezo, sacco hudai kila mwanachama ahudumiwe daima, na Sh9,000 za kila mwezi hutoka mfukoni mwa mwundaji. Kifungu kikiwepo, sacco yenyewe ndiyo itakayoamua kama wanachama wake 90 wana thamani ya fedha hizo.