Mwenye Kokwa Atazitafuta Wapi?

Mwanamume wa jamii ya Wabaka, kusini-mashariki mwa Kamerun, anapika kokwa za embe-mwitu. Zikiiva anaziweka kwenye bakuli, anafunika, kisha anasema anakwenda barazani kwa wanaume na atakaporudi atazila. Akishatoka, mwenzake aliyebaki anamshawishi mtoto aliyepo hapo azitoe na kuzificha kwenye chungu. Mtoto anafanya hivyo. Ndipo anaulizwa: mwenye kokwa akirudi, atazitafuta kwenye bakuli au kwenye chungu?

Utani huo ulikuwa jaribio la sayansi. Jeremy Avis na Paul Harris walichapisha matokeo yake mwaka 1991, wakitaka kujua kama watoto wa wawindaji wa msituni wanapita njia ileile iliyokwisha kuonekana kwa watoto wa Ulaya. Jaribio walilolifuata lilitungwa na Waaustria wawili, Heinz Wimmer na Josef Perner, mwaka 1983. Katika hadithi yao, mvulana aitwaye Maksi anaweka chokoleti kwenye kabati la buluu na kwenda kucheza. Mama yake anaitumia kidogo kupikia keki, na inayobaki anaiweka kwenye kabati la kijani. Maksi anarudi akiitamani chokoleti yake.

Kwa nini lazima mtu katika hadithi awe amekosea? Kwa sababu anayedhani jambo lililo kweli hatusaidii kitu. Kama chokoleti ingali kwenye kabati la buluu, mtoto anaweza kujibu "buluu" kwa kuangalia tu mambo yalivyo, bila kufikiria hata kidogo kilichomo kichwani mwa Maksi. Mwanafalsafa Daniel Dennett alilieleza hilo mwaka 1978, katika mjadala kuhusu akili za sokwe. Dhana ya mtu na hali halisi zinapoachana, ndipo tunapoweza kuona mtoto anafuata ipi.

Watoto wengi wa miaka mitatu hufuata hali halisi. Wanasema Maksi atakwenda kwenye kabati la kijani, nao wanasema kwa uhakika, wala hawabahatishi. Mtafiti makini haishii hapo. Huuliza pia chokoleti iko wapi sasa, na Maksi aliiweka wapi mwanzoni. Mtoto akikosea maswali hayo, basi hadithi imempotea, na jibu lake kuhusu Maksi halihesabiwi. Wengi huyajibu yote mawili sawasawa, kisha bado humpeleka Maksi kwenye kabati la kijani. Kwa hiyo tatizo si kumbukumbu ya hadithi.

La ajabu zaidi, kwangu mimi, ni kwamba mtoto huyo hukosea hata kuhusu nafsi yake. Alison Gopnik na Janet Astington waliwaonyesha watoto boksi la peremende, wakalifungua, na ndani mkawa na penseli. Kisha wakauliza: kabla hatujalifungua, ulidhani mna nini? Wengi wa miaka mitatu walisema penseli. Mzazi angedhani mtoto anaficha aibu ya kukosea, lakini mtoto huyohuyo husema pia kwamba rafiki yake asiyeona ndani atadhani mna penseli.

Wabaka wadogo je? Wengi wa waliofikia miaka mitano walisema mwenye kokwa atakwenda kwenye bakuli. Waliulizwa pia kuhusu moyo wake: kabla ya kufunua bakuli utakuwa mzuri au mbaya, na baada ya kufunua? Wengi wa wakubwa walielewa kwamba atalisogelea bakuli akiwa na furaha, na huzuni itamjia baadaye. Tusidhani, hata hivyo, kwamba umri huo ni sheria ya kila mahali. Penelope Vinden alikuta watoto wa Kikechua huko Peru wakishindwa maswali ya aina hii hata walipokuwa wakubwa zaidi.

Wapo wanaosema uwezo wa kutambua kwamba mwingine amekosea huanza mapema sana. Mwaka 2005 Kristine Onishi na Renée Baillargeon waliripoti kwamba watoto wa miezi 15 hukodoa macho kwa muda mrefu zaidi pale mtu aliyekosea anapokwenda moja kwa moja mahali kitu kilipo kweli, kana kwamba hawakulitarajia. Lakini maabara nyingine zimerudia majaribio ya aina hiyo ya kupima macho na mara nyingi hazikupata matokeo yaleyale. Naona ni mapema mno kuyajengea hoja kubwa.

Ushahidi ulio imara zaidi, kuhusu kinachoujenga uwezo huu, unatoka kwa watoto viziwi. Wale waliozaliwa na wazazi viziwi, wakaongea nao kwa lugha ya alama tangu uchanga, hufaulu katika umri uleule wa watoto wanaosikia. Wale waliozaliwa na wazazi wanaosikia, ambao nyumbani hawakupata wa kuongea naye kwa ufasaha, huchelewa kwa miaka, hata jaribio likifanywa kwa picha na maneno machache. Mzazi mwenye mtoto kiziwi asingoje shule imfundishe mtoto alama. Naye ajifunze mapema, ili waweze kuongea kuhusu nani anajua nini, nani amesahau, na nani amedanganyika.