Usifute Kadi Kabla ya Kuikagua Video

Mpiga video wa harusi akishamaliza kazi, kwa kawaida huhamisha faili kutoka kwenye kadi ya kamera hadi kwenye diski ya nje, hufungua moja au mbili, huona bibi harusi anacheka na sauti inasikika, kisha huifuta kadi ili aitumie kesho yake. Hapo ndipo hatari ilipo. Video inaweza kufunguka vizuri na kuwa na ukubwa uleule wa awali, kumbe dakika ya 40 imeharibika. Kuna vipimo viwili vya kuligundua hilo mapema, na kila kimoja kinajibu swali lake.

Kipimo cha kwanza kinauliza: je, nakala ni sawasawa na faili la awali? Kompyuta husoma faili lote, mwanzo hadi mwisho, na kulipigia hesabu inayotoa cheksamu, yaani mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu. Kwa hesabu iitwayo SHA-256, mfuatano huo una herufi na tarakimu 64, faili liwe dogo au kubwa. Biti moja tu ikibadilika, mfuatano mzima hutoka tofauti.

Tuseme kadi inaonekana kama E na diski kama F kwenye kompyuta ya Windows. Fungua Command Prompt uandike:

```
certutil -hashfile E:\C0012.MP4 SHA256
certutil -hashfile F:\C0012.MP4 SHA256
```

Majibu mawili yakilingana, nakala ni salama. Ila kabla ya kupima, chomoa diski kwa utaratibu kisha uichomeke tena. Mara baada ya kunakili, kompyuta huweza kusoma data iliyobaki kwenye kumbukumbu yake badala ya ile iliyoandikwa kwenye diski, ukadanganyika.

Yasipolingana, usikimbilie kunakili upya. Pima kwanza faili la kwenye kadi mara ya pili. Likitoa jibu jingine, tatizo liko kwenye usomaji: kisoma kadi, waya au kadi yenyewe. Likitoa jibu lilelile, elekea kushuku kuwa nakala ndiyo iliyoharibika. Badilisha waya au tundu la USB, unakili tena, kisha upime.

Lakini cheksamu haijui video ni kitu gani. Kama kadi ilishaharibu data wakati wa kurekodi, nakala itakuwa sawasawa na uharibifu huo, na majibu yatalingana bila kasoro. Kwa hiyo kipimo cha pili kinauliza: je, picha zote zinasomeka? Programu ya bure iitwayo FFmpeg husimbua kila fremu bila kuionyesha wala kuihifadhi, na huandika makosa tu inayokutana nayo:

```
ffmpeg -v error -i F:\C0012.MP4 -f null - 2> makosa.txt
```

Video ya saa moja yenye fremu 25 kwa sekunde ina fremu 90,000, na zote zitapitiwa. Faili la makosa.txt likibaki tupu, hakuna kosa lililoonekana. Ukikuta maneno kama `error while decoding MB` au `Invalid NAL unit size`, kuna sehemu imevurugika. `moov atom not found` ni kubwa zaidi: faili halina orodha inayoonyesha fremu ziko wapi, jambo linalotokea mara nyingi kamera ikizimika kabla ya kufunga rekodi, au upakuaji ukikatika.

Kuitazama video kwa macho hakutoshi, kwa sababu vichezeshi huziba mapengo. Katika video nyingi za leo, fremu nyingi hubeba mabadiliko tu kutoka fremu nyingine. Moja ikiharibika, vipande vya kijivu au kijani huweza kuendelea hadi fremu kamili inayofuata, kisha picha hurudi kama kawaida. Aliyerusha mbele hatayaona.

Kipimo hiki nacho kina mpaka. Aina fulani za faili zikikatwa mwishoni husimbuliwa bila kosa, kwa hiyo linganisha pia urefu wa video na muda uliorekodi.

Kwa video ya kupakua, tafuta cheksamu iliyotolewa na mwenye faili. Internet Archive, kwa mfano, huziorodhesha kwenye faili linaloishia na `_files.xml`, zikiwemo za MD5 na SHA-1. Tumia hesabu ileile iliyotajwa. Isipokuwepo, usimbuaji ndio unaokubakia. Video iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida usiilinganishe na ya awali: huko hubanwa upya, hivyo cheksamu zitatofautiana hata kama haikuharibika.

Kadi ifutwe pale tu cheksamu zimelingana, makosa.txt iko tupu na urefu umetimia. Kimoja kikikosekana, iweke kando na utumie nyingine.